Zawadi Inayobisha Hodi Kila Mwezi

Zamani zawadi ya msafiri ilikuwa na siku yake moja. Jamaa alirudi kutoka Maskati au Jedda, sanduku likafunguliwa mbele ya watu, huyu akapata kanzu, yule akapata udi, na habari ikaishia hapo. Siku hizi jamaa aweza kukaa Doha, Leeds au Nairobi, akabonyeza simu yake mara chache, na zawadi ikaanza safari isiyo na mwisho: kasha la vyakula linalofika kila mwanzo wa mwezi, au kozi ya mtandaoni inayokatwa fedha zake kwenye kadi ya benki mwezi baada ya mwezi. Zawadi hizi tumeziona zikiingia Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeyasikia yanayosemwa na wapokeaji wakati mtumaji yuko kwenye simu, na tumeyasikia pia yanayosemwa simu ikishakatwa.

Kati ya maneno hayo mawili pana umbali, na umbali huo ndio uliotufanya tuandike. Zawadi ya mara moja humdai mpokeaji shukrani mara moja. Zawadi ya kila mwezi humdai mengi zaidi: awepo nyumbani ifikapo, awe na mahali pa kuiweka, awe na muda wa kuitumia kabla nyingine haijaja, na ashukuru upya kila mara. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, sisi tungependa mtoaji ajiulize swali moja tu. Je, kitu hiki kinamwondolea mwenzangu kazi au gharama aliyo nayo tayari, au kinampa kazi ambayo jana hakuwa nayo? Swali ni jepesi kulitamka, ila jibu lake halipatikani mpaka mtu aingie jikoni na kuhesabu.

Basi na tuingie. Tuchukue nyumba moja ya Likoni, ambayo tumeiunganisha kutokana na nyumba kadhaa tunazozijua ili asitambulike mtu. Yumo mama mwenye miaka sitini na ushei, pamoja na wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Mwanawe yuko Ghuba kikazi. Kila alfajiri mama hukaanga mahamri ya kuuza, akitumia pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 kwa siku, na pembeni huweka sufuria ya mbaazi za nazi kwa wale wanaopenda kula papo hapo. Mwana, kwa mapenzi yake, ameagiza kasha la kila mwezi kutoka duka kubwa la kisiwani. Ndani yake mna mchele kilo 10, unga wa ngano pakiti 3, sukari kilo 5, mafuta ya kupikia lita 5, majani ya chai na sabuni. Kwa macho ya aliye mbali, kasha hilo halina kasoro.

Tuanze na mchele. Watu watatu, wawili wao wakiwa watoto, hupika takriban gramu 400 kwa mlo. Nyumba hii hupika wali siku nne kwa wiki. Siku nyingine ni sima, chapati, au mihogo na samaki. Siku nne kwa wiki ni kama siku 17 kwa mwezi, na hiyo ni kilo 7 hivi. Kasha huleta 10. Kilo 3 hubaki, na mwezi wa kwanza hakuna anayeziona kuwa tatizo. Ni baraka, ni akiba. Lakini mwezi wa nne ukiisha zimekuwa kilo 12, yaani zaidi ya mchele wa kasha zima, katika chumba ambacho pipa moja la plastiki ndilo ghala.

Hapo huingia fukusi, kile kidudu cheusi chenye mdomo mrefu. Wengi hudhani fukusi hutoka nje na kuvamia mchele uliokaa vibaya. Mara nyingi huwa yumo tangu dukani. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu, na buu hukua humo humo bila kuonekana. Kwa joto la pwani yetu, safari ya kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua mwezi mmoja au zaidi kidogo. Msomaji ataona mara moja ubaya wa hesabu hiyo: kizazi kimoja cha fukusi hukomaa karibu sawa na kuwasili kwa kasha jipya, na kila mchele mpya unaomiminwa juu ya ule wa zamani huwa chakula cha kizazi kinachofuata. Dalili zake ni vumbi jeupe chini ya pipa, punje zenye tundu, na punje nyingi zinazoelea wakati wa kuosha. Kuanika juani husaidia kidogo, na kutochanganya mpya na wa zamani husaidia zaidi. Ila dawa halisi ni kuagiza kilo 7 badala ya 10, na hakuna anayeweza kujua hivyo asipouliza wali hupikwa mara ngapi.

Sasa tazama unga. Pakiti tatu za ngano kwa mama anayekaanga pakiti moja kila siku ni unga wa siku tatu. Mtumaji alifikiria chapati za nyumbani, hakufikiria kwamba jiko lile ni duka. Siku ya nne mama amerudi kununua unga kwa fedha yake, na huku kilo kadhaa za mchele zimelala pipani zikiliwa na wadudu. Sukari na mafuta yameingia katika mahamri, na hayo kweli yamemsaidia. Tunalisema hili ili ieleweke kwamba kasha lilelile laweza kuwa msaada kwa nusu na mzigo kwa nusu, na mpokeaji akashindwa kueleza ni nusu ipi, kwa sababu kila akiulizwa huulizwa habari za kasha zima.

Iko gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mama huyu ana duka la mtaani ambalo kwa miaka mingi limemkopesha unga alfajiri, naye akalipa alasiri mahamri yakishauzwa. Jina lake limo katika daftari la mwenye duka, na daftari lile ndilo benki yake. Kukopa na kulipa kila siku ndiko kunakomfanya aaminike. Mtoaji akileta kasha kubwa kiasi cha kumwondoa mama pale dukani kwa wiki mbili au tatu kila mwezi, uhusiano ule hupoa. Kasha likichelewa, na makasha huchelewa, mama hujikuta amesimama mbele ya mwenye duka ambaye sasa anamtazama kama mteja wa msimu. Sisi twaona hili ndilo dhara kubwa kuliko yote katika hadithi ya kasha, na ndilo lisiloonekana kabisa kutoka Doha.

Halafu kuna kulipokea. Ukijumlisha mchele, unga, sukari na mafuta unapata kama kilo 26 kabla hata ya kutia sabuni. Nyumba nyingi za Likoni hazina namba. Anwani ni msikiti fulani, kisima fulani, au nyumba ya mama fulani. Mpelekaji amevuka feri, hakawii, anapiga simu akiwa barabarani na kutaka mtu aje. Ni saa tatu asubuhi, mama yuko mbele ya karai la mafuta, wajukuu wako shule. Humwacha jirani auze, huteremka barabarani, na kulipa tuktuk au mkokoteni wa kumfikishia mzigo mlangoni. Zawadi iliyoandikwa kuwa usafiri wake umelipiwa imemgharimu asubuhi moja ya biashara na nauli, na mwezi ujao itakuwa vivyo hivyo. Mtoaji anaweza kuliondoa jambo hili kwa kuuliza mapema saa gani mtu yuko nyumbani, na kutia nauli ya mwisho, ile ya kutoka barabara kuu hadi kizingitini, katika hesabu yake.

Na kuna jambo tunaloliona likirudiwa katika nyumba nyingi. Kasha linapoanza, fedha za mwezi hupungua. Mtumaji hajanuia ubaya. Anaona kwamba chakula amekwisha kukileta. Lakini umeme haulipwi kwa mchele, wala sare ya shule hainunuliwi kwa sabuni. Tena hapa sheria yetu ina la kusema. Mzazi asiyejiweza, matumizi yake ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Wajibu huo hauitwi zawadi hata ukifungwa utepe. Mwana anayemtumia mama matumizi yake kwa sura ya kasha, na kulihesabu kuwa hidaya, amechanganya daftari mbili. Kwanza matumizi yatimie, kwa namna ambayo mama mwenyewe anaweza kuyapanga. Kisha zawadi ije juu yake.

Nyumba ile ya Likoni, ikiwa shauri letu lingefuatwa, ingepangwa hivi. Mwana angezungumza na mama, na kwa idhini yake na mwenye duka la mtaani. Kila mwanzo wa mwezi angelipa kwenye namba ya duka ya Lipa na M-PESA thamani ya pakiti 10 za unga, lita 5 za mafuta na kilo 7 za mchele. Mama angechukua kwa mafungu, pakiti moja alfajiri moja, huku zile pakiti nyingine ishirini akiendelea kuzikopa na kuzilipa kama kawaida yake, ili jina lake lisitoke kwenye daftari. Pamoja na hayo mwana angelipia kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6, ambao katika nyumba ndogo hukaa takriban mwezi. Gesi ni mfano mzuri wa kitu kinachofaa kuletwa kila mwezi: ilikuwa ikinunuliwa tayari, huisha kwa mwendo unaojulikana, haiozi, na ikichelewa kuisha hujazwa wiki ijayo bila hasara.

Mpango huu nao una hatari zake. Mwenye duka aweza kupandisha bei kwa kuwa anajua fedha zimekwisha kuingia, au aweza kufunga duka na kurudi kwao. Kwa hiyo asilipwe miezi sita kwa mpigo. Alipwe mwezi mmoja mmoja, na daftari dogo la hesabu likae kwa mama mwenyewe. Tunasisitiza kwa mama. Mwenye duka akianza kumtumia mwana orodha ya alichochukua mama yake, msaada umegeuka kuwa ukaguzi, na hakuna mzazi aliyelea watoto kwa mahamri atakayependa kukaguliwa na mmoja wao. Kwa aliye humu nchini, Safaricom ilizindua mwaka 2024 huduma iitwayo M-PESA Ratiba, ambayo hulipa yenyewe tarehe iliyopangwa. Ni nyepesi, na wepesi wake una kasoro: fedha huendelea kwenda hata hali ya mpokeaji ikibadilika. Ni afadhali kuiwekea tarehe ya mwisho tangu siku ya kuianzisha.

Tusimame kidogo kwenye suala la hiba, kwa kuwa linasaidia kuelewa nani ana haki gani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani hii, hiba haiwi mali ya mpewa mpaka akabidhiwe. Kwa mtazamo huo, zawadi ya miezi kumi na miwili ni hiba kumi na mbili, na kila moja hutimia siku ilipopokewa. Miezi ambayo haijafika ni ahadi. Kutimiza ahadi ni uungwana uliosisitizwa, lakini mtoaji na mpokeaji wanaweza kukaa na kuubadilisha mpango bila mmoja wao kuona amenyang'anywa. Upande wa pili una uzito uleule: kilichokwisha kupokewa ni cha mpokeaji kabisa. Akikiuza, akikigawa, akikiweka, ni shauri lake.

Upande huu wa pili huwaudhi watoaji. Husikia kwamba mchele waliotuma umeonekana kwa jirani, nao hukasirika, wakidhani umedharauliwa. Huenda kinyume chake ndicho kilichotokea. Wako wazee, na sisi tunawajua, ambao maisha yao yote walikuwa watu wa kutoa. Nyumba yao haikuwa ikiondokwa mikono mitupu. Umri na ujane vimewapokonya nafasi hiyo. Kasha likifika, mzee hutenga kibaba cha huyu na kibaba cha yule, wajukuu wakatumwa mitaa miwili, na jioni yake watu wakaja kushukuru barazani. Kilo 3 zilizozidi, ambazo Likoni zilikuwa chakula cha fukusi, kwa mzee huyu ndizo zawadi yenyewe. Hesabu ya jikoni ni lazima, lakini haitoshi bila kujua mtu mwenyewe hufurahia nini.

Tuvuke sasa twende Kisauni, tuone kozi ya mtandaoni, ambayo haichukui nafasi pipani na kwa sababu hiyo hudhaniwa haina uzito. Msichana amemaliza kidato cha nne, anakaa Mishomoroni na mama yake na kaka yake. Shangazi aliye Leeds amemlipia masomo ya uhasibu ya moja kwa moja, mwalimu na wanafunzi wakionana kwa video, saa moja kila kipindi, vipindi vitatu kwa wiki. Ada ya mwezi ni ya shangazi. Data ni ya nani?

Hapo ndipo pa kuhesabu. Kipindi cha saa moja cha video, wanafunzi wengi wakiwa wamewasha kamera, hutumia kama gigabaiti 1. Vipindi vitatu kwa wiki ni vipindi 12 au 13 kwa mwezi, basi ni gigabaiti 12 hivi, mbali na kupakua kazi za nyumbani. Katika nyumba inayonunua data ya siku kwa siku, kwa fedha ndogo ndogo, hiyo ni gharama mpya kabisa, na humwangukia mama. Amepewa ndoo nzuri, maji ajitafutie. Shangazi akitaka zawadi yake iwe kamili, data iwe ndani yake, au mwalimu aombwe kufunza kwa sauti na ukurasa wa maandishi pekee, nyuso zikizimwa. Njia hiyo hutumia sehemu ndogo tu ya ile gigabaiti.

Simu nayo ni moja, na kaka huihitaji jioni. Zaidi ya hayo, uhasibu wa siku hizi hufanywa kwenye majedwali mapana ambayo kwenye kioo cha simu huonekana vijisehemu vinne vitano kwa wakati mmoja. Msichana huona mkono wa mwalimu ukienda, lakini hawezi kuifuata kazi yenyewe. Ili afanye zoezi humlazimu kwenda saiba na kulipia muda. Tukimsikia mtu akisema kwamba binti fulani "hakuwa na nia ya kusoma," tungependa kwanza kujua alikuwa akisomea juu ya kioo cha ukubwa gani.

La saa ni geni kwa wengi, nalo limevuruga masomo ya wengi. Waingereza hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kipindi kilichopangwa saa kumi jioni ya kwao, katika majira yao ya baridi huanza kwetu saa moja usiku. Magharibi imekwisha kusaliwa, na Isha ina wakati mpana, yaweza kungoja kipindi kiishe. Machi ikipita, kipindi hicho hicho huanza kwetu saa kumi na mbili jioni, na adhana ya Magharibi, ambayo mwaka mzima Mombasa huwa kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, huingia katikati ya somo. Wakati wa Magharibi ni mfupi. Msichana hutoka, hurudi, amekosa sehemu iliyokuwa muhimu. Wiki mbili baadaye hatoki tena kwa sababu haingii tena. Shangazi aliyechagua saa mwezi wa Januari hakuwa na njia ya kuliona hilo, isipokuwa kama angeuliza habari za Aprili.

Kisha kuna barua za pongezi. Kozi nyingi za namna hii humwandikia mwenye akaunti kila wiki: umefika hapa, umebakisha kadhaa, hujaonekana siku tisa. Shangazi ameifungua akaunti kwa anwani yake mwenyewe, kwa hiyo barua zinamfikia yeye. Hupiga simu, kwa wema kabisa, kuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Tangu siku hiyo kila simu ya shangazi humtia binti baridi. Akaunti ifunguliwe kwa jina na anwani ya anayesoma, na mtoaji alipe kwa vocha au fungu la miezi michache ambalo likiisha limeisha, badala ya kuiacha kadi yake ikikatwa yenyewe bila kikomo.

Tusije tukaonekana tunaichukia kozi ya mtandaoni. Tunamjua kijana wa Changamwe anayefanya kazi ya zamu kiwandani, wiki moja mchana, wiki moja usiku, naye amenufaika sana. Alikuwa akijifunza Kiarabu kwa masomo yaliyorekodiwa, ya dakika ishirini ishirini, na alikuwa akijilipia mwenyewe, mwezi ana, mwezi hana. Dada yake aliliona daftari lake limejaa maandishi, akamlipia miezi mitatu. Masomo huyapakua mwisho wa wiki kwa kaka yao mwenye waifai, huyasikiliza akiwa kwenye matatu na wakati wa mapumziko, na zamu ya usiku ikimchosha huyaacha yalale bila kupitwa na kitu. Dada hakumwanzishia njia. Alimkuta amekwisha kushika njia, akampunguzia gharama. Masomo ya moja kwa moja, hata yangekuwa bora mara mbili, yangemfaa wiki moja na kumtupa wiki inayofuata.

Tofauti hii ya lililorekodiwa na la moja kwa moja twaiona ni ya kwanza kuuliza kwa mtu yeyote ambaye hana amri juu ya saa zake: mwenye zamu, mama mwenye mtoto mchanga, anayemuuguza mgonjwa. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga tuongeze neno la nepi, kwa kuwa ni zawadi inayopendwa na kwa kweli hufaa. Mtoto wa wiki za mwanzo humaliza nepi nane hata kumi kwa siku, na hakuna nyumba isiyozihitaji. Kosa ni kulipia mwaka mzima kwa saizi moja. Saizi hufuata uzito, na uzito hubadilika haraka mno katika miezi ile. Mtoaji aulize uzito wa mtoto ulioandikwa kliniki kabla ya kila agizo, au aache fedha ya nepi mkononi mwa mama.

Limebaki swali la namna ya kujua, na namna ya kusimamisha. Ukimwuliza mpokeaji kama amefurahi, atakujibu Alhamdulillahi, tumepokea, Mungu akuzidishie. Angejibu hivyo hata kama mchele umeota miguu. Adabu yetu haimruhusu kusema jingine, na hatutaki aiache. Basi maswali yabadilike. Uliza mwezi uliopita ni kitu gani kilikwisha kwanza, na kipi bado kiko. Uliza ni kitu gani mlinunua dukani wiki jana ingawa kasha lilikuwa limefika. Kwa anayesoma, usiulize anaendeleaje. Mwombe akueleze jambo moja alilofundishwa Jumanne, na kama hawezi, muulize saa za somo na simu aliyotumia kabla ya kumuuliza juhudi yake. Maswali ya vitu hujibika bila kumvunjia mtu heshima. Mtu husema unga umekwisha siku ya tatu bila kuona amelalamika.

Kusimamisha ni kazi ya mtoaji, kwa sababu mpokeaji hataifanya. Njia tuliyoiona ikifanya kazi ni kutaja mwisho tangu mwanzo: hii ni ya miezi mitatu, ikiisha tutazungumza. Miezi mitatu yatosha kuonyesha kinachobaki pipani na kinachokwisha mapema, na tena ni mifupi kiasi kwamba kuacha hakuonekani kuwa ni ugomvi. Mwisho ukikaribia, mtoaji ndiye aanze, na aje na mbadala mkononi badala ya kuuliza tu kama iendelee: mwezi ujao nalipa gesi na ada ya umeme, au nalipa kasha kama lilivyo, lipi litakuwa jepesi kwako? Mtu aliyepewa mawili huchagua. Aliyepewa moja hushukuru tu.

Na pale kadi ya benki inapohusika, tarehe iangaliwe. Malipo ya kozi hukatwa siku ileile ya mwezi ambayo mtu alijisajili, mara nyingi kwa dola, na anayeghairi siku ya pili yake huwa amekwisha kulipia siku nyingine thelathini. Aandike tarehe hiyo kwenye simu, siku tano mbele. Baada ya kughairi, angoje ujumbe wa kuthibitisha, auhifadhi, kisha atazame taarifa ya benki ya mwezi unaofuata.